Mahindi, urea na mstari mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu regresheni

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa kilimo na mafundi wa shamba wa Lubumbashi ambao wamerudi kutoka shambani na daftari limejaa namba, wamezipeleka kwenye kompyuta, na sasa wanaangalia jibu bila kujua waanzie wapi. Mfano ni mmoja tu kutoka juu mpaka chini. Namba zake nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, ila nimezifananisha na zinazotoka kwenye udongo mwekundu wa huku Haut-Katanga, ambao usipotiwa kitu hukupa mahindi ya kuhurumia. Zinakili uzijaribu mwenyewe.

Jaribio lenyewe likoje?

Shamba la mahindi lina bloki tatu, A, B na C. Kila bloki imegawanywa vipande vitano, na kila kipande kimepata kiasi chake cha azoti (wenzetu wa Tanzania huiita naitrojeni): kilo 0, 30, 60, 90 au 120 kwa hekta. Ni kipande gani kipate kiasi gani, iliamuliwa kwa kura ndani ya kila bloki. Vipande vyote 15 vimepewa fosforasi sawasawa, mbegu moja, palizi ya siku moja. Mavuno yameandikwa kwa tani kwa hekta. Hesabu tunaifanya kwa programu ya R, na regresheni yenyewe ni kutafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta zote.

```
d <- data.frame(
  N = rep(c(0,30,60,90,120), times = 3),
  bloki = rep(c("A","B","C"), each = 5),
  mavuno = c(1.2, 2.1, 2.3, 2.9, 2.9,
             1.4, 1.7, 2.6, 2.8, 3.4,
             1.6, 2.2, 2.9, 3.3, 3.0))
m <- lm(mavuno ~ N, data = d)
summary(m)
```

Kwa nini mnaandika kilo za azoti na si kilo za urea? Mimi nilipima urea.

Kwa sababu mmea hauli mfuko. Urea ina azoti asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba azoti kilo 23. Ukiweka kilo za urea kwenye safu ya `N`, mstari utachorwa vilevile na p haitabadilika, lakini mteremko, yaani ongezeko la mavuno kwa kila kilo, utapungua hadi chini kidogo ya nusu. Halafu utafungua ripoti ya mtu mwingine, ulinganishe, useme udongo wako ni mbovu kuliko wake, kumbe mmetumia vipimo viwili tofauti.

Kosa lenye madhara zaidi linatoka kwenye ule mfuko wa D unaoingia kutoka Zambia, wa 10-20-10. Mtu anapandia D, anakuzia urea, kisha anahesabu azoti ya urea peke yake. Kilo 200 za D tayari zina azoti kilo 20. Na ikiwa vipande vya "mbolea nyingi" vilipata D nyingi zaidi, basi vilipata pia fosforasi nyingi zaidi, na huku kwetu fosforasi ni kitu kikubwa. Hapo mteremko unaouona si wa azoti. Ni wa azoti na fosforasi zilizofungwa pamoja, na hakuna hesabu itakayozifungua baadaye. Ndiyo maana katika mfano wetu fosforasi ni sawa kila mahali, hata kwenye kipande cha sifuri.

Kutoka kilo za kipande mpaka tani kwa hekta nafanyaje?

Gawanya kilo kwa mita za mraba ulizovuna, kisha zidisha kwa 10. Kipande ambacho umevuna mistari ya katikati tu, mita za mraba 12, kikatoa punje kilo 3.12, ni tani 2.6 kwa hekta. Weka eneo ulilovuna, si eneo lote ulilopanda. Na punje zote zirudishwe kwenye unyevu mmoja kabla ya kuingia kwenye faili: punje za unyevu wa asilimia 20 ukizipeleka kwenye 13, unazidisha uzito kwa 80/87.

Kompyuta inakataa faili langu. Kwa nini?

Karibu kila mara ni koma. Excel zetu ni za Kifaransa. Zinaandika 2,6 badala ya 2.6, na zinatenganisha safu kwa nukta mkato. Ukifungua faili hilo kwa `read.csv`, safu zote zinabanana kuwa moja na R inakwambia haioni `mavuno`. Ukiongeza `sep=";"` peke yake, safu zinatengana, lakini 2,6 inabaki kuwa maandishi, na `lm` inakurushia ujumbe wenye `NA/NaN/Inf`. Dawa ni tarakimu moja ya ziada:

```
d <- read.csv2("mahindi.csv")
str(d)
```

Usiruke ile `str(d)`. Ukiona `mavuno` imeandikiwa `num`, endelea. Ukiona `chr`, simama. Mara nyingine ni seli moja tu mtu ameandika "1,9 kg" au "hakuna", na seli hiyo moja inageuza safu nzima kuwa maneno.

Sina R. Excel inatosha?

Kwa mteremko, ndiyo. Kama azoti iko safu ya A na mavuno safu ya C:

```
=PENTE(C2:C16;A2:A16)
=ORDONNEE.ORIGINE(C2:C16;A2:A16)
```

Mavuno yanatangulia, azoti inafuata. Utapata 0,014667 na 1,54. Ukipata 58 umegeuza, umeiuliza Excel kilo ngapi za azoti zinatokana na tani moja ya mahindi, na hilo si swali la mtu yeyote.

Haya, jibu limetoka. Nianze kusoma wapi?

Sehemu ya katikati ndiyo yenye nyama:

```
            Estimate Std. Error t value Pr(>|t|)
(Intercept) 1.540000   0.125023  12.318 1.53e-08
N           0.014667   0.001701   8.621 9.78e-07

Residual standard error: 0.2796 on 13 degrees of freedom
Multiple R-squared:  0.8511
```

Anza na safu ya `Estimate`, mstari wa `N`. Watu wengi wanakimbilia nyota na p, halafu ukiwauliza mbolea imeongeza mahindi kiasi gani wanabaki kimya. Ile 0.014667 ndiyo mteremko: kila kilo moja ya azoti iliyoongezwa kwenye hekta imekwenda na ongezeko la tani 0.014667, yaani kilo 14.7 za mahindi. Igeuze iwe kilo papo hapo. Namba yenye sifuri mbele inaonekana ndogo, na nimeona mtu akiandika kwenye kazi yake ya mwisho kwamba "athari ni hafifu sana kwa kuwa iko karibu na sifuri". Haiko karibu na sifuri, ni tani tu ambazo ni kipimo kikubwa.

`(Intercept)` ni mahali mstari unapoanzia, pale azoti ni 0: tani 1.54. Sasa angalia vipande vya sifuri vyenyewe: 1.2, 1.4 na 1.6, wastani 1.4. Mstari unasema 1.54, shamba linasema 1.4. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Na `Std. Error`?

Ni kipimo cha jinsi mteremko ungeyumba kama ungerudia jaribio hilo hilo mara nyingi, kwenye shamba la namna hiyo. Mteremko 14.7, kosa lake 1.7. Ili kupata mipaka, zidisha kosa kwa 2.16 (ndiyo namba ya t kwa digrii 13 za uhuru), ongeza upande mmoja, punguza upande wa pili. R inakufanyia ukiandika `confint(m)`: kutoka 0.0110 mpaka 0.0183.

Kwa lugha ya shamba: jaribio hili linakubaliana na kilo 11 za mahindi kwa kilo ya azoti, na linakubaliana pia na kilo 18. Hapo katikati pana nafasi kubwa ya faida na hasara, ndiyo maana napenda mipaka hii kuliko p. Mkulima ukimwambia "kati ya 11 na 18" anaweza kupiga hesabu kwa upande mbaya kwanza. Ukimwambia "p ni ndogo" atakupa maji ya kunywa na kukusindikiza mpaka barabarani.

Digrii 13 zimetoka wapi? Vipande 15, toa namba mbili tulizokadiria, mwanzo na mteremko.

9.78e-07 ni nini? Ni 9?

Hapana, hiyo ndiyo p, na ni 0.000000978. Ile `e-07` inahamisha nukta nafasi saba kwenda kushoto. Maana yake: kama azoti isingekuwa na mchango wowote, kupata mteremko ulio mbali na sifuri kiasi hiki kwa bahati tu kungekuwa jambo la nadra sana. Basi. Haisemi mbolea inalipa, wala haisemi kwamba mstari ulionyooka ndio umbo sahihi. Swali la pili hilo ndilo linalowaangusha wengi.

R mraba yangu ni 0.85. Rafiki yangu ana 0.95 kwa shamba hilo hilo. Nani kakosea?

Pengine hakuna aliyekosea hesabu, ila rafiki yako amekadiria kwa wastani. Chukua wastani wa bloki tatu kwa kila kiasi: 1.4, 2.0, 2.6, 3.0, 3.1. Fanya regresheni na nukta hizo tano. Mteremko ni ule ule, 0.014667. Mwanzo ni ule ule, 1.54. Lakini R mraba inapanda kutoka 0.85 mpaka 0.95, kwa kuwa tofauti kati ya bloki na bloki imefichwa ndani ya wastani. Grafu inapendeza, na profesa anatabasamu.

Mkulima hapandi kwenye wastani. Anapanda kwenye kipande kimoja, chenye mwinamo wake na mchwa wake. Acha vipande vyote 15 ndani, na ukitaka kuonyesha wastani, uchore juu yake.

Kwa hiyo 0.85 inasema asilimia 85 ya kutofautiana kwa mavuno katika vipande hivi inaendana na kiasi cha azoti. Namba hiyo inategemea pia upana wa viwango ulivyochagua: ukijaribu 0 mpaka 120 itakuwa kubwa, ukijaribu 50 mpaka 70 kwenye shamba hilo hilo itaporomoka. Usishindane nayo na mtu.

`Residual standard error` inanisaidia nini?

Ni 0.28, yaani kipande cha kawaida kiko mbali na mstari kwa kilo 280 hivi kwa hekta. Inakuwa na faida siku mtu anapokuuliza, "Nikitia kilo 60 nitavuna ngapi?" Mstari unajibu 2.42. Lakini kuna majibu mawili nyuma ya hiyo 2.42. Kwa wastani wa vipande vingi vya namna hiyo, mipaka ni 2.26 mpaka 2.58. Kwa kipande kimoja kipya, ni 1.8 mpaka 3.0. Ya pili ndiyo inayomhusu anayeuliza:

```
predict(m, data.frame(N = 60), interval = "prediction")
```

Ukiandika `"confidence"` unapata ile nyembamba. Ni neno moja tu linalobadilika, na watu huchagua nyembamba kwa sababu inavutia.

Nitajuaje kama mstari ulionyooka unafaa?

Angalia mabaki: mavuno halisi ukitoa yale ambayo mstari ulitabiri. Andika `plot(d$N, resid(m)); abline(h = 0)`. Kwenye mfano wetu, chukua wastani wa mabaki kwa kila kiasi na uyasome kama unavyosoma sentensi, kutoka kushoto:

kwa 0, kasoro 0.14; kwa 30, zaidi 0.02; kwa 60, zaidi 0.18; kwa 90, zaidi 0.14; kwa 120, kasoro 0.20.

Kasoro, zaidi, zaidi, zaidi, kasoro. Huo ni mgongo wa ng'ombe wa nundu, si bahati nasibu. Mstari umepita juu ya vipande vya mwanzo na vya mwisho, na chini ya vile vya katikati. Sasa unaelewa kwa nini mwanzo ulisema 1.54 wakati shamba lilisema 1.4. Mahindi yalipanda haraka mpaka 60, kisha yakaanza kuchoka. Kutoka 90 mpaka 120, kilo 30 za azoti zimeleta kilo 100 tu za mahindi.

Hakuna ajabu hapo. Azoti ikishatosha, kitu kingine kinakuwa ndicho kinachozuia: maji, fosforasi, uchachu wa udongo, mbegu yenyewe. Karibu kila jaribio la mbolea lenye viwango vya kutosha litapinda mahali fulani. Ukiona halijapinda, mara nyingi ni kwa sababu uliishia mapema.

Ongeza kipeo cha pili, mstari ugeuke mkunjo, uone:

```
m2 <- lm(mavuno ~ N + I(N^2), data = d)
summary(m2)
```

Mstari wa `I(N^2)` unatoa -0.0000952, p yake ni 0.04 hivi. Usisahau ile `I( )`, bila hiyo R inaipuuza `^2` na kukurudishia mstari ule ule ulionyooka bila kukuonya.

Na p ya 0.04 si ushahidi wa kutisha, nakubali. Lakini ninapoona mabaki yamejipinda na ninajua kutoka kwenye agronomia kwamba lazima yajipinde, sihitaji p inishawishi sana.

Sasa tofauti ya vitendo ni ipi kati ya mstari na mkunjo?

Mstari unasema kila kilo ya azoti inaleta kilo 14.7, ya kwanza sawa na ya mia na ishirini. Mkunjo unasema kilo ya kwanza inaleta 26, na ukifika 120 inayofuata inaleta 3 tu. Hiyo 14.7 ni wastani wa safari nzima, na hakuna hatua hata moja ya safari inayofanana nayo isipokuwa ile ya katikati kabisa.

Pia mstari haujui kusimama. Uulize kuhusu kilo 300 utakujibu bila aibu, tani 5.9. Hukupanda 300. Jibu la nje ya 0 mpaka 120 halimo kwenye data yako, hata kama R imelichapa kwa tarakimu nne.

Kipande kimoja cha sifuri kimenipa tani 2.9! Nikifute?

Usifute kabla ya kwenda kukitazama. Iliwahi kunitokea upande wa barabara ya Kasenga. Kipande kisicho na mbolea kilikuwa na mahindi ya kijani kibichi, mabua mazito, na mimi nikaanza kumshuku kijana aliyemwaga urea. Mama mwenye shamba akacheka.

"Hapo palikuwa kichuguu, baba. Tulikisawazisha mwaka ule tulipofyeka. Hata malenge hapo yanakuwa makubwa."

Vichuguu vya huku ni vilima, na udongo wake ni tofauti na wa pembeni, una virutubisho zaidi na hauna uchachu mkali. Kipande kilikuwa kinaeleza ukweli, ila ukweli wa udongo mwingine.

Angalia kinachotokea kwenye mfano wetu tukiweka 2.9 badala ya 1.6 kwenye kipande cha sifuri cha bloki C. Mteremko unashuka kutoka 14.7 mpaka 11.8, mwanzo unapanda mpaka 1.8, R mraba inaanguka mpaka 0.60. Kipande kimoja kati ya 15. Sasa chukua ongezeko hilo hilo la tani 1.3, ulipeleke kwenye kipande cha kilo 60: mteremko hautikisiki hata kidogo. Mstari ni kama ubao wa kupimia uliowekwa juu ya jiwe la katikati. Ukikalia mwisho unainamisha, ukikalia katikati hakuna kitu. Kwa hiyo vipande vya 0 na 120 ndivyo vya kuchunguza kwanza, na siku ya kupanga shamba ndivyo vya kuepusha na vichuguu.

Ukikiondoa, andika kwamba umekiondoa na kwa nini, na toa majibu yote mawili. Sababu iwe ya shambani. "Kilikuwa juu ya kichuguu" ni sababu. "Kiliharibu R mraba" si sababu.

Bloki nimezipanga kwa jasho, halafu kwenye `lm` hazimo. Ni sawa?

Si sawa, zirudishe. Bloki C yetu ina wastani wa 2.60, A ina 2.28. Bila kuziweka, tofauti hiyo inahesabiwa kama kelele. Andika `lm(mavuno ~ N + bloki, data = d)`. Mteremko hautabadilika kwa kuwa kila bloki ina viwango vyote, ila kosa lake linashuka kutoka 1.7 mpaka 1.6 kwa kilo. Hapa faida ni ndogo. Kwenye shamba la kilimani inaweza kuwa kubwa.

Sikufanya jaribio. Nilizunguka kwa wakulima 60 nikawauliza mbolea na mavuno. Regresheni ni ile ile?

Hesabu ni ile ile, maana siyo. Fikiria ni nani anayenunua mifuko mitano ya urea. Ni mwenye pesa mwezi wa kumi na moja mvua zinapoanza. Huyo huyo ndiye aliyelimisha mapema, akanunua mbegu chotara, akalipa watu wa kupalilia mara mbili. Asiye na mbolea mara nyingi alipanda mwezi wa kumi na mbili, kwa mbegu aliyoitunza kutoka mavuno yaliyopita. Ukichora mstari kati ya hao wawili, mteremko unabeba mbolea na tarehe ya kupanda na mbegu na palizi, vyote kwenye gunia moja. Unaweza kupata kilo 30 kwa kilo ya azoti, ukamshauri yule wa mwezi wa kumi na mbili anunue urea, na akapata kumi.

Kwenye jaribio, kura ndiyo iliyoamua kipande kipi kipate nini, na kura haijui nani ana pesa. Kwenye mahojiano, andika "wakulima wanaotumia kilo moja zaidi huvuna kilo kadhaa zaidi", usiandike "kilo moja inaongeza". Na mwulize kila mmoja tarehe ya kupanda, uiweke kwenye modeli hata kama unasema ni regresheni rahisi.

Kuna jambo la pili. Mkulima akikwambia "mifuko miwili", anakadiria, na eneo la shamba analikadiria pia. Makosa kwenye upande wa mbolea hulaza mstari, yanaufanya mteremko uwe mdogo kuliko ulivyo. Hata kwenye jaribio jambo hili lipo: urea iliyomwagwa juu ya udongo ikakaa siku kadhaa bila mvua inapoteza sehemu ya azoti hewani, na daftari lako linaendelea kusema 60.

p yangu ni 0.2. Niandike kwamba urea haifanyi kazi?

Angalia `confint` kwanza. Kama mipaka ni kutoka kasoro 4 mpaka 20, jaribio lako halikusema "haifanyi kazi", limesema "sijui", labda kwa kuwa vipande vilikuwa vichache au ukame uliingia mwezi wa pili. Kama mipaka ni kutoka kasoro 1 mpaka 4, hapo una habari: hata kwenye upande mzuri, mbolea imeleta kidogo, na ni wakati wa kupima uchachu wa udongo.

Mkulima anataka jibu la mifuko. Nimwambie mingapi?

Unahitaji bei mbili tu, na usizitoe kichwani, zitoe sokoni wiki hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bei ya mfuko wa urea wa kilo 50 ni sawa na bei ya kilo 140 za mahindi kwenye mavuno. Gawanya kwa 23: kilo moja ya azoti inagharimu kilo 6.1 za mahindi.

Mstari ulionyooka unasema kila kilo inaleta 14.7, zaidi ya 6.1, kwa hiyo endelea kuongeza milele. Jibu hilo halina maana. Mkunjo unakupa pa kusimama: tafuta kiasi ambacho kilo inayofuata inaleta 6.1 tu. Kwa namba zetu ni 0.0261 ukitoa 0.00019 mara N, sawa na 0.0061, na N inatoka kama 105. Hiyo ni mifuko minne na nusu hivi.

Lakini karibu na kilele mkunjo umelala. Kutoka mifuko minne, ambayo ni azoti kilo 92, mpaka kilo 105, mahindi yanaongezeka kilo 95 hivi na mbolea inagharimu kama kilo 79. Faida inayobaki ni kilo 16 kwa hekta nzima, na bado hujahesabu usafiri wala siku mvua itakapogoma. Mimi ningemwambia minne. Na aliye na pesa ya miwili tu ainunue bila wasiwasi: akifika kilo 46, kila kilo ya azoti bado inamrudishia mahindi kilo 17.